Naomba ushauri: menyu ya Ramadhani ya hoteli hapa Tanga, natoa Kiingereza naweka Kiswahili, masaa na ofa vinanisumbua

Kijana_Chumbageni

Asalam aleikum wanajamvi. Kuna hoteli huku Raskazone wamenipa menyu yao ya Ramadhani niiweke Kiswahili. Itabandikwa mlangoni, itakaa mezani na itatumwa wasapu. Wateja wao mwezi huo sio wazungu, ni familia za humu humu mjini na watu wa maofisi wanaofuturishana, kwahiyo saa ikikosewa mtu kafunga mchana kutwa anafika anakuta milango imefungwa au jiko halijawashwa.

Karatasi ya Kiingereza inasema hivi: bufee ya futari 6:30 PM mpaka 8:30 PM, 25,000 kwa mtu, watoto chini ya miaka 5 bure na wa miaka 5 mpaka 11 nusu bei. Sinia la familia la watu wanne 80,000. Daku 12:00 AM mpaka 4:00 AM, 15,000 kwa mtu, ila kila Ijumaa watu wanne wanapewa daku kwa 50,000. Kubuku mwisho 4:00 PM.

Pale mapokezi kuna mtu alishaanza kuitafsiri wakanipa na hiyo, nainakili kama ilivyo:

*Futari: saa 6:30 hadi 8:30 usiku*
*Daku: saa 12:00 usiku hadi saa 4:00 asubuhi*
*Ofa ya daku kila Ijumaa usiku, watu 4 kwa 50,000/=*
*Muhogo uliochemshwa ndani ya krimu ya nazi*

Naona haiko sawa ila nataka kusikia kwenu mngeiandikaje, hasa masaa na hiyo ofa ya Ijumaa. Kesho kutwa inaenda kuchapishwa.

Fundi_Saa

Mkuu hii rahisi, masaa ya Kiingereza unatoa sita tu. 6:30 inakuwa 12:30, 8:30 inakuwa 2:30, 4:00 inakuwa saa 10. Ukimaliza hapo kazi imeisha, watu wanakuza mambo tu.

Kijana_Chumbageni

Kwa hesabu yako mkuu daku inaanza saa 6 na kuisha saa 10, sawa. Lakini kubuku nako ni saa 10. Msomaji ataona saa 10 mbili kwenye karatasi moja.

mamkubwa_makorora

Jamani msisahau uji wa mchele wenye pilipili manga na tambi za kukaanga, na kaimati ziwe za moto sio zile zimelala. Mihogo wakiweka na samaki wa kupaka watu watajaa. Mimi nafanya futari za kuagiza hapa Makorora mwaka wa ngapi huu, watu wa Tanga wanataka viazi vitamu, magimbi na ndizi mbichi za nazi, mkiwawekea supu za kizungu watakula tende na maji waondoke. Kama wanataka mtu wa kaimati waniambie.

Kijana_Chumbageni

Shikamoo mamkubwa. Vyakula wameshapanga, mimi napewa karatasi tu. Lakini umenisaidia, hapo kwenye muhogo na krimu naandika "mihogo ya nazi" kama ulivyosema ndizi za nazi.

mamkubwa_makorora

Marahaba baba. Hiyo krimu ya nazi ni tui zito, hakuna mtu atakayeuliza. Hata ukiandika "futari ya mihogo" watu wanaelewa.

Mzee_wa_Kaole

Kijana wangu nimefanya kazi mahotelini hapa Bagamoyo tangu hoteli zilipokuwa za kuhesabu, acha nikuambie yaliyo ya maana.

Kutoa sita kunakupa namba, hakukupi wakati wa siku. Kwetu saa 10 ipo ya jioni na ipo ya usiku, saa 12 ipo ya asubuhi na ipo ya jioni, kwahiyo kila namba kwenye karatasi yako lazima iwe na neno lake pembeni, mwanzo na mwisho pia. Yule wa mapokezi kaandika "6:30 hadi 8:30 usiku", kakosa mara mbili, namba kaziacha za kizungu na neno kalitia upande mmoja. Mtu wa Ngamiani akisoma saa 6:30 usiku anajua ni usiku wa manane, atashangaa futari gani hiyo.

Lakini kosa baya zaidi ni hiyo 12:00 AM. Huyo kaitazama 12 akaiacha 12, akatia usiku. Hakuna saa 12 ya usiku kwa Mswahili, saa 12 ni jioni au asubuhi, basi msomaji ataivuta kwenye jioni aliyoizoea, aone daku inaanza saa ile ile ya kufuturu. 12:00 AM ni saa 6 kamili ya usiku. Na mwisho 4:00 AM ni saa 10 usiku, wala si asubuhi. Wewe andika "saa 6 usiku hadi saa 10 usiku" na kubuku andika "kabla ya saa 10 jioni", zile saa 10 zako mbili zitatengana zenyewe.

binti_dunda

Mzee umenikumbusha, sisi tuna gesti hapa Dunda, kuna mwaka wageni kutoka bara waliletewa karatasi ya daku imeandikwa tarakimu tupu 3:00 – 4:30. Wakaja saa 3 usiku. Tuliwapikia wakala, ila daku haikuwa daku tena, ilikuwa chakula cha usiku.

Mzee_wa_Kaole

Ndio hivyo binti yangu, kibao kimekaa kwa Kiswahili basi na saa wataisoma kwa Kiswahili.

Sasa hiyo Ijumaa, kijana, hapo usikimbilie. "Ijumaa usiku" kwa vijana wa leo ni usiku baada ya kutwa ya Ijumaa. Kwa sisi wazee, na kwa hesabu ya dini, siku inaanza magharibi, kwahiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia, Alhamisi jua likishazama. Tena daku yenyewe inaanza saa 6 usiku, ambayo kwa kalenda ya hoteli tarehe ndio inageuka hapo hapo. Waulize wenye hoteli hivi: mteja anayekuja kula daku ili afunge Ijumaa, anapata ofa? Au ni yule anayekula daku ili afunge Jumamosi? Wakikujibu, andika kwa kuamkia. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" au "usiku wa kuamkia Jumamosi", hapo bibi na mjukuu wanasoma kitu kimoja.

Kijana_Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Nimempigia meneja sasahivi. Kasema ofa ni kwa ajili ya wikendi, watu hawaendi kazini kesho yake. Kwahiyo ni kuamkia Jumamosi. Alipoona mimi nauliza akashangaa, kumbe mhasibu wao alikuwa ameiweka kwenye mashine kuanzia saa 6 ya usiku tarehe ya Ijumaa, yaani kuamkia Ijumaa. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawajaelewana.

Mzee_wa_Kaole

Marahaba. Basi mwambie arekebishe kwenye mashine kabla hujachapisha, la sivyo mteja atasoma kwako 50,000 na risiti itatoka 60,000.

Msafiri_Ngamiani

Mimi naomba kuuliza kuhusu hiyo futari saa 12:30. Tanga miezi hii ya Februari jua linazama kama saa 12 na dakika 45 hivi, likisogea Machi linashuka mpaka 12 na dakika 35 hivi. Kwahiyo ukiandika futari saa 12:30 unamwambia mtu afuturu kabla ya adhana?? Kuna watu watasema hoteli haina adabu. Halafu ratiba za mtandaoni wengine wanachukua ya Mwanza, kule magharibi inachelewa kwetu zaidi ya dakika 20, so msije mkanakili ovyo.

Fundi_Saa

Basi weka 12:45 mwezi mzima yaishe.

Msafiri_Ngamiani

Hapana mkuu, mwisho wa mwezi adhana inatoka na watu wako nje ya mlango dakika kumi nzima wanasubiri. Mtu aliyefunga humcheleweshi.

binti_dunda

Sisi hatuandiki saa ya kufuturu kabisa. Tunaandika milango inafunguliwa saa ngapi, halafu "futari ni kwa adhana ya magharibi". Tende, maji na uji vinakuwa mezani tayari, adhana ikisikika watu wanafungua, wanaswali, ndio wanarudi kwenye chakula chenyewe. Na mwisho saa 2:30 usiku muangalie pia, tarawehe watu wanaanza kuondoka karibu na saa 2. Sio kosa la tafsiri lakini mteja atahisi anaharakishwa.

Mzee_wa_Kaole

Binti kasema kweli. Mimi ningeongeza saa ya milango tu, dakika za adhana nisiziandike kwenye karatasi ya mwezi mzima.

Msafiri_Ngamiani

Mimi bado naona wangeweka jedwali la kila siku pembeni, mgeni wa kutoka mkoa mwingine hajui adhana ya hapa ni saa ngapi.

Mzee_wa_Kaole

Likiwekwa na kukosewa siku moja, mtu kafungua kabla ya wakati kwa sababu ya karatasi ya hoteli. Mimi siwezi kulibeba hilo.

mamkubwa_makorora

Sasa hilo sinia la 80,000, watu wanne ni pamoja na watoto? Mimi wateja wangu wakija baba mama na watoto watatu wanataka sinia moja. Halafu mtoto wa miaka 5 yuko wapi, bure au nusu?

Kijana_Chumbageni

Mtoto wa miaka 5 kamili analipa nusu, 12,500, kwahiyo nitaandika "ambaye hajatimiza miaka 5 bure". Kwenye sinia karatasi haisemi chochote kuhusu watoto, na meneja nilipomuuliza akasema inategemea ukubwa wa mtoto. Hilo siwezi kulichapisha hivyo.

Nimeandika upya, angalieni:

*FUTARI (bufee): milango inafunguliwa saa 12:30 jioni. Tunafuturu kwa adhana ya magharibi. Jiko linafungwa saa 2:30 usiku. 25,000/= kila mtu. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 5 bure, miaka 5 hadi 11 12,500/=.*
*SINIA LA FAMILIA: 80,000/= sinia zima, linatosha watu wanne.*
*DAKU: saa 6 usiku hadi saa 10 usiku. 15,000/= kila mtu.*
*OFA YA DAKU: kila usiku wa kuamkia Jumamosi, watu wanne kwa pamoja 50,000/= badala ya 60,000/=.*
*Weka nafasi kabla ya saa 10 jioni.*

Mzee_wa_Kaole

Imekaa vizuri. Hapo mwisho sema saa 10 jioni ya siku gani. Anayetaka daku ya kuamkia Jumamosi aweke nafasi Ijumaa jioni, maana akisubiri Jumamosi daku imeshaliwa.

binti_dunda

Na kwenye sinia mimi ningetoa hilo "linatosha", mtu akija na watoto wakubwa akiona halitoshi mtabishana mezani. Mbane meneja akupe jibu la watoto kwanza.

Kijana_Chumbageni

Nimeongeza "siku hiyo ya Ijumaa" kwenye ofa. Ya sinia naenda kumfuata meneja mwenyewe kesho asubuhi, asiponipa jibu mstari huo hautoki.