Tupeane uzoefu: kebo inayogoma kuvuka megabiti 100

Mpangaji_Tabata

Wakuu, naanza na langu halafu nanyi mlete yenu.

Nyumbani nimelipia fayaba ya megabiti 200. Kwenye simu, nikisimama karibu na rauta, nilikuwa napata 180 hadi 190. Lakini kompyuta ya mezani, ambayo ndiyo ninayofanyia kazi na ina kebo yake ya kudumu ukutani, haikuwahi kuvuka 94. Asubuhi 94, usiku wa manane 94. Niliwapigia watoa huduma mara mbili nikiwa na hasira, nikiamini wananibania. Baadaye ndipo nilipojiuliza mbona namba haitikisiki. Intaneti iliyolemewa hupanda na kushuka. Namba inayoganda 94 au 95 ni ya poti iliyounganika kwa megabiti 100, maana kiasi kidogo huliwa na vichwa vya pakiti.

Nikaangalia:

```
$ sudo ethtool enp3s0
  Link partner advertised link modes: 10baseT/Half 10baseT/Full
                                      100baseT/Half 100baseT/Full
  Speed: 100Mb/s
  Duplex: Full
```

Nilipoona orodha ya upande wa pili haina 1000 kabisa, nikasema basi, poti ya rauta imekufa. Nilikuwa na hela ya rauta mpya mkononi. Kilichoniokoa ni laptopu ya mdogo wangu: niliipeleka hadi kwenye rauta na kebo fupi ya mita moja, nikachomeka kwenye poti ileile, ikapanda 1000 papo hapo. Nikarudi kwenye kompyuta, nikabadilisha kakebo ka kutoka soketi ya ukutani hadi mezani. Bado 100. Ikabaki kebo ya ndani ya ukuta, kama mita 28.

Nikachomoa kichwa cha upande wa rauta na kukitazama kwa tochi ya simu, nikikielekeza usoni. Ncha saba za shaba zilionekana zimefika mwisho wa plastiki. Ya nane, ile ya kahawia, ilikuwa imeishia njiani, kama milimita tatu nyuma. Meno yalishuka pasipo na waya. Nikakata, nikabana kichwa kipya, ikapanda 1000 na sasa napata 190 na ushee mezani.

Swali langu lililobaki: kwa nini rauta ilionekana kama haina 1000 ilhali inayo?

Nyaya_Nane

Nimekuwa fundi wa netiweki hapa Mombasa miaka mingi, na hilo swali lako ndilo linalowaponza hata mafundi.

Megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani, yaani pini 1 na 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nne. Sasa, ile salamu ya mwanzo ambapo poti mbili huulizana "wewe unaweza kasi gani" hupita kwenye jozi zile mbili za kwanza. Kwa hiyo jozi ya kahawia ikiwa imekatika, salamu inakwenda vizuri kabisa. Wote wawili wanakubaliana 1000, kisha wanajaribu kuanza kazi na jozi nne, wanashindwa. Wanajaribu tena, wanashindwa. Baada ya majaribio kadhaa chipu ya upande mmoja inakata shauri: inaanza salamu upya, na safari hii inaficha 1000 isiitaje. Ndipo unapopata 100.

Kwa kesi yako rauta ndiyo iliyowahi kushuka, kwa hiyo kompyuta ikaona jirani asiye na 1000. Ile orodha ilikuwa kweli kwa dakika ile, lakini haikuwa uwezo wa poti. Ukiona 1000 ipo pande zote na kasi ni 100, shuku kebo. Ukiona 1000 haipo, hujajua kitu bado, mpaka uchomeke kebo fupi unayoiamini.

Na si chipu zote zina busara hiyo ya kushuka. Nyingine hung'ang'ania 1000 milele: taa inawaka, inazima, inawaka, na hakuna mtandao hata wa kasi ndogo. Ugonjwa ni uleule.

Msafi_Dodoma

Mimi yangu ilikuwa upande mmoja A, upande mwingine B. Fundi mmoja alibana huku mpangilio wa kijani kwanza, kule chungwa kwanza. Nikabana upya pande zote B, ikapanda 1000. Kwa hiyo wanaopata 100 wahakikishe rangi zinafanana pande zote, hiyo ndiyo sababu kubwa.

Nyaya_Nane

Ndugu yangu Msafi, kufananisha pande zote ni kazi nzuri, nami nafanya hivyo. Lakini sidhani ndiyo iliyokuponya. Poti za gigabiti hujigeuza zenyewe zikikuta kebo imepishana, na nimeona kebo za A kwa B zikifanya kazi kwa 1000 bila shida. Ulipobana upya ulibadilisha vichwa viwili kwa mpigo. Naamini kimoja kati ya vile vya zamani kilikuwa na waya usioshikwa vizuri.

Msafi_Dodoma

Inawezekana, ila vichwa vya zamani nilivitupa, siwezi kuhakikisha. Nilivyoviona kwa macho vilikuwa sawa.

Bi_Salma_Mabibo

Samahani jamani, mimi TV yangu kwenye mipangilio inaandika 100 na kebo nimenunua mpya dukani, imeandikwa Cat6. Ina maana nimeuziwa kebo mbovu?

Mpangaji_Tabata

Dada Salma, usirudishe kebo kwanza. TV nyingi, hata za bei kubwa, zimewekewa poti ya 100 tu tangu kiwandani. Chomeka kebo hiyohiyo kwenye laptopu yenye poti ya gigabiti. Ikipanda 1000, kebo yako ni nzima.

Bi_Salma_Mabibo

Nimejaribu ya mwanangu, imeandika 1.0 Gbps. Ahsante. Basi TV ibaki hivyohivyo, filamu hazikwami.

Kijana_wa_Forodhani

Yangu ilinisumbua siku tatu, Unguja, nyumba ya wageni yenye vyumba tisa. Nilivuta kebo mwenyewe, nikapima zote kwa tesita ya taa nane, moja hadi nane zikawaka kwa mpangilio. Vyumba vya karibu vilipata 1000. Vya mbali, kama mita 40, vilipata 100, na hata hiyo 100 ilikuwa inakatika-katika.

Nilibadilisha swichi. Nilibadilisha vichwa. Hali ileile, kwa sababu kila nilipobana nilirudia kosa langu. Mimi nilipanga rangi kwa mtiririko wangu: jozi ya chungwa, jozi ya kijani, jozi ya bluu, jozi ya kahawia, pande zote mbili sawa. Nikadhani maadamu pande zinafanana, rangi hazina maana. Lakini pini 3 hufanya kazi na 6, si na 4. Kwa mpangilio wangu pini 3 ilipata waya wa kijani na 6 ikapata wa bluu, nyaya mbili zisizosokotwa pamoja. Msokoto ndio unaozuia kelele za jozi jirani. Kwenye mita tano kelele hazitoshi kuharibu, kwenye mita 40 zinatosha.

Tesita ya taa haiwezi kuona hili hata kidogo. Inauliza tu kama umeme umetoka huku umefika kule, na ulikuwa unafika. Mpangilio wa B ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nilirudia vichwa 18 kwa usiku mmoja, na usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 au hivi kabla ya kichwa.

Karani_Nairobi

Ofisini kwetu nilikata kamba nzima ya matumaini kabla ya kufungua soketi ya ukutani. Ndani nikakuta kebo moja imegawanywa: chungwa na kijani zimeenda soketi ya kushoto, bluu na kahawia soketi ya kulia. Fundi wa zamani aliokoa kebo, mashine mbili zikapata 100 kila moja. Hakuna kilichoharibika pale, ndivyo ilivyotengenezwa. Ilibidi tuchague: mashine moja kwa 1000, au kuvuta kebo ya pili. Tumevuta ya pili. Kwa hiyo kabla ya kulaumu poti, fungua soketi pande zote uhesabu nyaya.

Ziwa_Bukoba

Huku kwetu radi ni nyingi. Baada ya mvua moja kubwa, poti ya 5 ya swichi yetu ikawa inatoa 100 tu. Kebo ileile ukiihamishia poti ya 6 inapata 1000. Ukileta kebo nzima poti ya 5, 100. Nilirudia mara nne nisije nikaisingizia. Nadhani radi iliunguza njia ya jozi mojawapo ndani, zilizobaki zikapona. Nimeibandika karatasi na kuichomekea printa, ambayo haihitaji zaidi. Kuna aliyewahi kutengeneza poti ya namna hii, au ni ya kuachwa tu?

Nyaya_Nane

Kwanza mulika ndani ya tundu kwa tochi. Mara nyingine ni kipini kimoja kimelala au kimeota kutu ya kijani, hasa huku pwani, na hicho kinanyanyuliwa kwa sindano swichi ikiwa imezimwa. Kama vipini vyote vimesimama, mimi huiacha.

Mswahili_Maskati

Yangu haijaisha, naomba mawazo. Niko Maskati, kebo imepita juu ya dari. Asubuhi 1000. Kuanzia saa nane mchana inaanguka 100, na kwenye kumbukumbu za mashine naona:

```
Downshift occurred from negotiated speed 1Gbps to actual speed 100Mbps, check cabling!
```

Usiku haipandi yenyewe mpaka nichomoe na kuchomeka tena. Vichwa nimebana upya pande zote mbili. Nilipokwangua waya mmoja kwa kisu, ndani ulikuwa mweupe, si mwekundu.

Nyaya_Nane

Mweupe maana yake ni alumini iliyopakwa shaba. Inakatika kirahisi na upinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, na joto linauongeza. Kutopanda usiku ni kawaida, ikishashuka haijaribu tena mpaka muunganiko ukatike. Lakini sitaki kukuapia kuwa ni joto. Kebo ina urefu gani?

Mswahili_Maskati

Kama mita 60. Kesho nitalaza kebo ya shaba sakafuni kutoka chumba hadi chumba, niiache tangu asubuhi hadi jioni. Ile ya darini naiacha mahali pake kwanza.