Jedwali la nguzo halisemi inchi wala sentimita, sasa naambiwa nivunje nguzo nne!

Mjenzi_Ihumwa:
Wakuu, tangu Jumamosi silali vizuri. Najenga gorofa moja ya familia huku Ihumwa. Mchoraji niliyemlipa bila kumkopa hata shilingi alinitumia jedwali la nguzo kwa WhatsApp. Mstari wenyewe nauweka kama ulivyo:

```
Nguzo  Idadi  Ukubwa  Urefu  Nondo   Ringi   Jumla ringi
N1     12     9 x 9   3      4 x 12  8 @ 15  252
```

Tazameni vizuri. Hakuna mahali pameandikwa inchi, sentimita wala mita. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba 9 ni inchi, 3 ni mita, 12 na 8 ni milimita, halafu 15 ni sentimita. Mstari mmoja, vipimo vya aina nne, na mtu anaona kazi yake imekamilika!

Fundi alisoma 9 kwa 9, akajua ni inchi, maana nguzo za inchi 9 ndizo amejenga maisha yake yote. Akaendelea hivyo hivyo, ringi akazipanga kila inchi 15. Nilikuwa safarini Singida siku tatu. Narudi nakuta nguzo nne zimeshamwagwa zege na nane zimefungwa nondo zinasubiri shuta. Pembeni kuna lundo la ringi. Nilinunua 252 dukani zikiwa zimeshakunjwa, nikazihesabu zilizobaki moja moja: 144. Namuuliza fundi, ananijibu, "Bosi, mchoraji alikuzidishia, hizi rudisha dukani."

Nikamwita injinia mmoja jirani aje aone. Aliweka futi kati ya ringi na ringi, akasoma sentimita 38, akaniambia nisimamishe kazi. Nane tumezifungua na kuzifunga upya. Hizo nne anasema nivunje. Nani analipa? Mchoraji anasema "fundi mzoefu angejua". Fundi anasema "ningesomaje kisichoandikwa". Mimi ndiye mwenye saruji iliyokwisha kuganda.

Kokoto_Nyeusi:
Pole sana mkuu. Ila hapo hamna fumbo. Namba ikiwa chini ya 12 ni inchi, ikiwa kwenye makumi ni sentimita, ikifika mamia ni milimita. Mimi nasoma ramani zote hivyo miaka yote na nyumba zimesimama.

Mjenzi_Ihumwa:
Kokoto, na nondo 12 utaisoma sentimita, ringi 8 utaisoma inchi? Kanuni yako imeanguka kwenye mstari huu huu.

Kokoto_Nyeusi:
Nondo kila mtu anajua ni mili, hiyo haihesabiki. Lakini 15 ningejua ni senti, hapo sibadilishi.

Mama_Keki_Kisasa:
Jamani yamenikuta. Nilipewa resipi imeandikwa unga 3, sukari 1, maziwa 250, baking pauda 2. Vikombe nikavielewa, maziwa nikajua mililita, ile 2 nikaweka vijiko vikubwa kumbe ni vya chai. Keki iliumuka ikabonyea katikati, na uchungu wake hauliki. Oda ya kipaimara hiyo, nikarudisha hela ya watu. Kwa hiyo kaka, resipi ya zege nayo uihakiki, labda mchanga pia umekosewa.

Mjenzi_Ihumwa:
Dada pole, ila mchanganyiko wa zege haukuwa na shida, huo ni uwiano: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Ukipima vyote kwa ndoo ileile unatoka sawa. Shida yangu ni ringi.

Nondo_na_Zege:
Mama Keki kagusa penyewe bila kukusudia. Uwiano hauhitaji jina la kipimo, umbali unahitaji.

Mleta mada, mimi ni injinia wa majengo, nipo Dodoma. Jibu lilikuwa kwenye kisanduku cha mwisho cha jedwali lako na hakuna aliyelitazama. Ringi 252 gawa kwa nguzo 12, unapata 21 kila nguzo. Ringi 21 zinaacha nafasi 20 kati yake. Mita 3 gawa kwa 20 ni sentimita 15. Sasa jaribu kwa inchi: 15 ni kama sentimita 38, kwenye mita 3 zinaingia ringi 9 tu, kwa nguzo 12 ni 108. Ringi 144 zilizobaki ndizo zilikuwa zinapiga kelele kwamba kuna namba imesomwa vibaya. Fundi alipoona zimebaki zaidi ya nusu, alipaswa kushika simu kabla ya kumwaga.

Kuhusu kuvunja, injinia wako hakukuonea. Nguzo ikibebeshwa uzito, nondo za kusimama zinataka kupinda kutoka nje, na zege la katikati linataka kutanuka. Ringi ndiyo inayovishika vyote viwili. Kwa kanuni ya Waingereza ya BS 8110, ambayo wengi wetu tuliisomea, nafasi ya ringi isizidi mara 12 ya unene wa nondo nyembamba ya kusimama. Nondo yako ni milimita 12, kwa hiyo mwisho ni milimita 144. Hata hiyo 150 ya mchoraji imezidi kidogo, mimi ningeandika 125. Yako imekaa 381. Na Dodoma hapa ardhi hutikisika, sote tumewahi kusikia vitanda vikicheza usiku.

Saiti_Nkuhungu:
Kabla ya kuvunja lete watu wa nyundo ya Schmidt wapime. Zege likiwa gumu, achana nao.

Nondo_na_Zege:
Hapana. Nyundo hiyo inapima ugumu wa zege juu juu, ringi haizioni. Na hapa hatuna shaka na zege, nafasi ya ringi tunaijua tayari. Kuna njia ya kuivalisha nguzo koti la nondo na zege jipya, lakini inanenepa, na kwa nguzo nne ambazo hazijabeba kitu sioni kama utaokoa hela.

Mjenzi_Ihumwa:
Asante sana mkuu. Sasa jedwali hilohilo lina mstari wa slabu: "15, kava 2". Hapo hakuna jumla ya kitu chochote. Nisome vipi?

Nondo_na_Zege:
15 ni sentimita, slabu ya inchi 15 hakuna wa kuibeba nyumbani. Hiyo 2 ndiyo mbaya, maana zote mbili zinaingia akilini. Sentimita 2 za zege la kufunika nondo kwa chini ni kava ya kawaida ya slabu ya ndani. Inchi 2 ni sentimita 5, na fundi anaweza kuona anakuongezea usalama. Kumbe kwenye slabu ya sentimita 15 biskuti za inchi 2 zinainua nondo kuelekea katikati. Kutoka juu ya slabu hadi katikati ya nondo ya 12 ungekuwa na milimita 124, unabaki na 94. Slabu inapoteza nguvu karibu robo, na kwa macho hutaona kitu. Hapo hesabu haikusaidii. Mpigie mchoraji, aandike upya kila safu na kipimo chake, asaini.

Kokoto_Nyeusi:
Kama mchoraji hajasajiliwa bodi hiyo saini haina maana. Na fundi naye alipe nusu, ringi 144 zinabaki unanyamaza?

Mjenzi_Ihumwa:
Nimempigia. Kasema kava ni "2 ya kawaida". Nimemwambia siweki shuta ya slabu mpaka jedwali lije limeandikwa. Fundi kakubali kuvunja nguzo mbili bila malipo, zingine mbili anasema si zake. Kesho saa mbili asubuhi tunakutana saiti wote watatu.