Yadi 1,000: risasi zinakwenda kulia hata upepo ukitulia. Ni dunia kuzunguka au ni bunduki?

Mlengaji_Texas: Wakuu, nashindana kupiga shabaha za mbali huku Texas. Natumia 6.5 Creedmoor, mtutu umesokotwa kulia, risasi inatoka kwa mita 830 hivi kwa sekunde. Mita 100 napiga katikati. Yadi 1,000, asubuhi bendera zimelala, kundi zima linakaa kulia sentimita 37. Kwenye programu ya simu nimezima hesabu ya mzunguko wa risasi na ya koriolisi, ile ya dunia kuzunguka. Nikiziwasha zitatosha?

Bwana_Tulivu: Hayo waachie wapiga mizinga. Umekosea kusoma upepo. Upepo wa kilomita 1.6 tu kwa saa unasogeza karibu sentimita 18 umbali huo, na hautikisi bendera.

Binti_Nanyuki: Mimi nilikuwa nalenga Nanyuki, juu kabisa ya ikweta, koriolisi hakuna, na bado zilikwenda kulia. Kwa hiyo ni msokoto wa mtutu peke yake.

Fundi_Timazi: Dada, ikweta haikusukumi pembeni, lakini juu na chini ndiko inakozidi. Pale ukilenga mashariki yadi 1,000 risasi inapanda kama sentimita 10, magharibi inashuka hivyo hivyo.

Mkuu wa Texas, risasi yako inakaa hewani sekunde 1.5 hivi. Mzunguko wake unaipeleka kulia takriban sentimita 18, na dunia inaongeza kama 5. Jumla 23. Zinabaki 14, na hizo nazishuku darubini yako imeinama. Kufika yadi 1,000 unainua mtutu kufidia mita 8 hivi za kushuka, na nyuzi 1 tu ya kuinama kulia inazalisha sentimita 14 zile zile.

Tundika timazi mita 100. Kaza bunduki isicheze, povu la pimamaji likae katikati, lenga uzi, kisha zungusha kitasa cha juu cha darubini miliradiani 8. Kitovu cha msalaba kikitoka nje ya uzi sentimita 1.4, umempata mwizi.

Mlengaji_Texas: Pimamaji yangu imefungwa kwenye bunduki, siyo kwenye darubini. Sikuwahi kuzilinganisha. Je, hizo 23 nizihamishie kwenye sifuri ya darubini nisahau?

Fundi_Timazi: Hapana kaka. Yadi 600 mzunguko unakupa kama sentimita 5 au 6 tu, hivyo sifuri hiyo itakuangusha kushoto kwenye umbali mfupi. Iache programu ihesabu, lakini baada ya timazi. Ukiwasha kwanza, utaongeza marekebisho mpaka shabaha ikubali, na kosa la darubini litajificha humo.

Bwana_Tulivu: Timazi sawa. Ila bado nasema atazame nyasi za katikati ya njia, siyo bendera za mwisho. Apige pia jioni upepo ukigeuka: upepo utabadili upande, mtutu hautabadili.

Mlengaji_Texas: Jumamosi natundika uzi. Nitaleta majibu hapa.