Ukurasa wa Steam: nitajuaje gemu lina Kifaransa kweli kabla sijalipa?

MwanaBuja: Habari zenu wakuu. Niko Bujumbura, Kiingereza changu ni cha kuombea maji, ila Kifaransa nasoma vizuri. Nataka Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta na nitachezea padi. Ukurasa wa Steam ukiuweka Kifaransa, maelezo yote yanakuja Kifaransa. Je, hiyo inatosha?

ChaliWaPadi: Inatosha mkuu. Wangetafsirije ukurasa bila kutafsiri gemu?

FundiMwenge: Hapana, haitoshi. Maelezo ya ukurasa hutafsiriwa kivyake, na yapo magemu yenye tangazo la Kifaransa ambayo ndani ni Kiingereza kitupu. Shuka upande wa kulia utafute jedwali la lugha. Lina safu tatu: `Interface` ni menyu na maandishi ya skrini, `Full Audio` ni sauti za wahusika, `Subtitles` ni maandishi yanayopita chini wakiongea. Fuata mstari wa Kifaransa uone tiki ziko wapi. Kwa RDR2 utakuta tiki kwenye menyu na maandishi ya chini, lakini kwenye sauti hakuna, kwa sababu wahusika wanaongea Kiingereza tu. Na gemu hilo watu hupiga soga ndefu wakiwa juu ya farasi, kwa hiyo utasoma huku unaendesha. Wewe unayesoma haraka utaliweza. Linganisha na The Witcher 3, ambalo Kifaransa kina tiki zote tatu.

SalmaMaskati: Sisi huku Oman tunatafuta Kiarabu. Witcher 3 lina menyu na maandishi ya Kiarabu, RDR2 halina kabisa. Mwanangu wa miaka minane hasomi haraka, maandishi yanapotea kabla hajamaliza. Ukubwa wa herufi unaonekana wapi?

FundiMwenge: Dada Salma, jedwali halionyeshi hilo. Mimi hutazama video ya mtu akicheza.

ChaliWaPadi: Sawa, lugha nimekubali. Ila padi, kikiandikwa `Partial Controller Support`, achana nalo, padi haifanyi kazi.

FundiMwenge: Inafanya kazi, ila kuna mahali utahitaji kibodi au mausi, mara nyingi kuandika jina au kwenye dirisha la mwanzo. RDR2 lenyewe hufungua kwanza programu ya Rockstar, na hapo uwe na mausi karibu.

KijanaLubumbashi: Mimi nilinunua diski ya PS4 sokoni, ikaja bila Kifaransa. Nifanyeje?

FundiMwenge: Ndugu, hapa tunazungumzia Steam. Diski hutegemea ilitengenezewa soko gani, anzisha uzi wako tukusaidie.

MwanaBuja: Asante sana kaka. Likifunguka kwa Kiingereza je?

FundiMwenge: Kwenye Library, bofya gemu kitufe cha kulia, `Properties`, kisha sehemu ya lugha. Likigoma, omba kurudishiwa hela kabla hujafikisha saa 2 za kucheza na ndani ya siku 14 tangu ununue. Muda wa kuhangaika na menyu gemu likiwa wazi nao unahesabiwa.