Tupeane uzoefu: Kuomba dawa za maji famasia kwa mzee asiyeweza kumeza vidonge

Binti wa Muheza

Habari za jioni wakuu. Namuuguza mama yangu mzazi, ana miaka 79, tangu apate kiharusi. Upande wa kulia umelegea na kumeza kumekuwa kazi. Kidonge kinajificha kwenye shavu lililolegea, jioni namsafisha kinywa nakikuta kimeyeyuka nusu. Nikimsukumia kwa maji, anapaliwa.

Nimeona wengi wakienda dirishani na kusema "mgonjwa hawezi kumeza, naomba za maji", wanajibiwa "hakuna", basi. Na ni kweli dawa nyingi za wazee hazikai rafuni zikiwa za maji. Mimi nilipeleka ombi la maandishi, kila dawa nikaieleza peke yake pamoja na sababu yake, na mfamasia akakaa na mimi tukaipitia moja moja. Nakala hii hapa, nimetoa majina:

*Kwa Mfamasia wa Hospitali,*

*YAH: OMBI LA DAWA ZA MAJI KWA MGONJWA ASIYEWEZA KUMEZA VIDONGE*

*Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 79, kilo 52. Alipata kiharusi, baadaye akaanza kupata degedege. Hana kisukari wala mzio wa dawa unaojulikana. Anakula kwa mdomo, hana mpira wa kulishia. Anameza uji mzito na mtori kwa kijiko, ila akinywa maji matupu anakohoa na sauti inakuwa kama ina maji kooni.*

*Sodiamu valproeti, vidonge vya 200 mg, viwili asubuhi na viwili jioni. Vina ganda la juu na tumeelezwa visisagwe. Naomba ya maji.*

*Nifedipini 20 mg ya kutoka polepole, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hii pia haisagwi. Kama hakuna ya maji, naomba uwasiliane na daktari kuhusu dawa nyingine ya presha inayoweza kuyeyushwa.*

*Aspirini 75 mg, kimoja kwa siku. Naomba ile inayoyeyuka kwenye maji.*

*Sababu ya haraka: vidonge vya degedege anavitema, hivyo dozi hazikamiliki, na degedege limemrudia. Cheti cha daktari nimekiambatisha pamoja na namba yake ya simu.*

Majibu yalikuwa hivi. Valproeti ya maji ilikuwepo, 200 mg katika kila 5 ml. Kwa hiyo 400 mg za mama ni 10 ml asubuhi na 10 ml jioni. Nifedipini ya maji haikuwepo. Mfamasia akampigia daktari palepale, wakakubaliana aanze amlodipini 5 mg mara moja kwa siku, kidonge cha kawaida kinachoyeyuka kwenye maji kidogo. Aspirini ya kuyeyuka ilikuwepo.

Karibuni, wenye uzoefu tupeane.

Mzee wa Kihonda

Pole sana dada, mama apate nafuu. Ila naona mnajipa kazi kubwa. Baba yetu tulimsagia zote kwa kinu kidogo, tunachanganya na asali, muda mrefu tu na hakuna kilichoharibika. Dawa ikifika tumboni si inasagika tu? Na hizo za maji zimetengenezwa kwa watoto, dozi yake ndogo, mtu mzima utamnywesha chupa nzima.

Mfamasia Makambako

Mzee wangu shikamoo. Unayosema yana ukweli nusu. Kidonge cha kawaida kisicho na ganda, kama hiyo amlodipini, kinaweza kusagwa au kuyeyushwa na kikapewa palepale. Lakini nifedipini ya kutoka polepole imetengenezwa iachie dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiitwanga, zile 20 mg zinaingia kwenye damu kwa mkupuo. Presha inaporomoka, mgonjwa anapata kizunguzungu, jasho na moyo kwenda mbio, na mzee wa kiharusi ndiye hasa hatakiwi kuporomoka presha. Halafu dawa ikishaisha mapema, presha inapanda tena kabla ya dozi ya jioni. Usipopima mara kwa mara huoni kitu, utasema hakuna shida.

Kuhusu za watoto, hapo umesema vizuri. Parasetamoli ya maji iliyozoeleka ni 120 mg kwa 5 ml, hivyo gramu 1 ya mtu mzima inazidi 40 ml, na hiyo ni sukari nyingi kwa mkupuo. Ipo ya 250 mg kwa 5 ml, inakuwa 20 ml. Ndiyo maana ombi litaje dozi kwa miligramu, siyo "kijiko kimoja", na liseme kama mgonjwa ana kisukari. Dawa nyingine za maji zisizo na sukari zimewekewa sorbitoli, na ikizidi inaharisha. Mzee akianza kuharisha wiki ileile mlipobadili, mwambieni mfamasia kabla hamjatafuta sababu nyingine.

Dada wa Muheza, mstari wako ulionisaidia zaidi ni ule wa mama kumeza uji mzito na kupaliwa na maji. Familia nyingi zinaomba dawa ya maji zikiamini tatizo limeisha. Kwa mtu anayekwamwa na vitu vikavu, limeisha kweli. Kwa anayepaliwa na maji, dawa nyepesi inateleza haraka kuliko koo lake linavyowahi kujifunga, na inaingia njia ya hewa. Utaona kikohozi, sauti yenye maji, na siku chache baadaye homa na pumzi za haraka. Mtu huyo apimwe umezaji, na dawa yake ichanganywe na kitu kizito. Kwa mama, hizo 10 ml ulizichanganya na nini?

Binti wa Muheza

Asante sana mkuu. Waliniambia nichanganye na uji mzito vijiko vitatu vinne tu, siyo bakuli zima, kwa sababu akiacha nusu bakuli sitajua amebakiza dawa kiasi gani. Nikishampa hivyo ndipo namletea bakuli lake. Namkalisha wima, kidevu kikiwa chini kidogo, na simlazi mpaka chakula kishuke.

Mama Pacha

Jamani na mimi nisaidieni. Wangu wa miaka minne dawa ya maji yote anatema, antibiotiki ndiyo kabisa. Naomba kidonge cha kusaga badala yake?

Binti wa Muheza

Mama Pacha pole, huku tunaongelea wazee, ya mtoto ina dozi zake kwa kilo. Uliza pale ulipoipata, waambie ladha ndiyo inamshinda.

Mjukuu wa Likoni

Sisi huku Mombasa babu yangu alikuwa na kifafa, akabadilishwa kutoka kapsuli za fenitoini akapewa ya maji. Hospitali siitaji. Walimkabidhi nyanya chupa bila maelezo. Nyanya hakuwa akiitikisa. Wiki ya mwanzo babu akashikwa na kifafa mara mbili, tukasema dawa ya maji haina nguvu. Chupa ilipokaribia kuisha babu akaanza kulala mchana kutwa, akitembea ayumba kama mlevi, na macho yakicheza. Daktari alipoitazama chupa alielewa mara moja: dawa yote ilikuwa imeshuka chini. Mwanzo akinywa maji matamu tu, mwisho akinywa dozi kubwa mno.

Na kijiko pia. Vijiko vya nyumba yetu kimoja chabeba kingi, chengine kidogo. Ombeni bomba la sindano lisilo na sindano, la 10 ml.

Mfamasia Makambako

Ndugu wa Likoni, hilo linatokea kweli na fenitoini ni hatari zaidi, kwa sababu kiasi kidogo tu cha kuzidi kinampeleka mgonjwa kwenye kuzidiwa na dawa. Kapsuli ya 100 mg hailingani moja kwa moja na 100 mg ya maji. Kwa kawaida inakadiriwa kuwa 90 mg, yaani 15 ml za ile ya 30 mg kwa 5 ml. Ndiyo maana kubadili aina ya dawa kunahitaji cheti kipya. Mfamasia hawezi kukubadilishia kwa kichwa chake.

Mpemba wa Ziwani

Mama mkwe wangu analishwa kwa mpira wa puani. Ombi letu liliandikwa "hawezi kumeza" tu, hatukutaja mpira, tukapewa vidonge vya kuyeyusha. Chengachenga zikaziba mpira ikabidi uwekwe mpya, na hilo ni jambo la kumtesa mtu mzima bure. Sasa tunasafisha kwa maji kabla na baada, kila dawa inapita peke yake, hatuzichanganyi.

Suali langu: ile isiyokuwepo ya maji, famasia haiwezi kuitengeneza kutokana na vidonge?

Mfamasia Makambako

Inaweza, kama ni famasia yenye chumba cha kutengenezea na ina fomula iliyopimwa ya dawa hiyo. Wanasaga vidonge, wanaweka kwenye kimiminika maalumu kinachoibeba isizame, wanaandika nguvu kwa kila ml, namna ya kutunza na tarehe ya mwisho, ambayo huwa fupi. Maduka mengi hayana uwezo huo. Msifanye nyumbani kwa kusagia vidonge vya wiki nzima kwenye chupa ya maji. Vingine vinaharibika ndani ya maji na vyote vinatuama. Yeyusha dozi moja, mpe, suuza kikombe, mpe na suuzo hilo pia, ndani ya kitu kizito kama anapaliwa.

Mzee wa Kihonda

Nimelitoa boksi la baba kuliangalia. Halina SR, ile alama ya kutoka polepole, wala herufi yoyote, limeandikwa nifedipini 20 tu. Kwa hiyo hii ni ya kusaga?

Mfamasia Makambako

Mzee wangu, kama ni 20 mg na anameza mara mbili kwa siku, kuna uwezekano mkubwa ni ya kutoka polepole hata kama boksi halijasema. Usiisage kwanza, na usiikatishe pia. Peleka boksi na paketi famasia kesho asubuhi wakuangalizie, na presha ya baba mpime kabla ya dawa na saa moja baada yake.

Mzee wa Kihonda

Nitaenda. Sijashawishika kwa yote, ila hilo la kupima nitalifanya.

Binti wa Muheza

Bado nina moja linanisumbua. Chupa ya valproeti ni 100 ml, mama anatumia 20 ml kwa siku, inakwisha siku ya tano. Mwezi ni chupa 6. Bima imekubali chupa 2, nyingine tunanunua mfukoni. Kuna aliyefanikiwa?

Mpemba wa Ziwani

Cheti chako kimeandikwa chupa ngapi?

Binti wa Muheza

Kimeandikwa "chupa 2", sasa ndiyo naona. Daktari aliandika kama anavyoandikia watoto.

Mfamasia Makambako

Mwombe aandike 400 mg mara mbili kwa siku, siku 30, jumla 600 ml, na sababu ya kutotumia vidonge iandikwe kwenye cheti chenyewe, siyo kwenye barua pekee. Watu wa bima barua yako hawaioni. Sikuahidi watalipa zote, maana kila bima ina utaratibu wake, lakini kwa chupa 2 hata kuhoji hawana sababu ya kuhoji.

Binti wa Muheza

Kliniki yake ni Jumatatu. Nitakwenda na chupa tupu pia, nikipata jibu nitaliweka hapa.