Ukoo wa Mzee Salehe: PS4 ya Abdi imegoma kuwaka

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa. PS4 ya Abdi inaganda ganda tangu umeme ulipokatika Jumamosi akiwa anacheza. Leo ndiyo mbaya zaidi, inafika kwenye alama ya PS inabaki hapo hapo. Kaka Hamisi, upo?

Mjomba Faraji: Marahaba mwanangu. Ingia Safe Mode, chagua namba 7, inaweka mfumo upya. Ya jirani yangu ilipona hivyo hivyo.

Hamisi: Shikamoo mjomba. Safe Mode ndiyo njia yenyewe, lakini 7 tuiache mwisho kabisa. Namba 6 na 7 zote zinafuta magemu na kila alichokisevu mtoto, na hiyo 7 inadai uwe na faili la mfumo kwenye flashi. Mwanaidi, sisi tunaitaka 5, Rebuild Database. Haifuti gemu.

Mwanaidi: Sasa nitaingiaje na haiwaki?

Hamisi: Kwanza izime kabisa. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka ilie mara ya pili, kisha subiri taa izimike yote. Ikibaki ya rangi ya chungwa, imelala tu, haijazimika. Ikishazimika, chomoa waya wa umeme, iache dakika kadhaa ndipo uurudishe. Kwenye PS4 watu wanasafisha kache kwa njia hiyo, maana kwenye menyu yake hakuna mstari wa kazi hiyo.

Salma: Mbona mimi ninao? Yangu nayo inaganda, nimefungua 5 naona Clear System Software Cache na Rebuild Database. Nibonyeze lipi?

Hamisi: Salma, yako ni PS5. Anza na Clear System Software Cache, iwake, uicheze uone. Ikiganda tena ndipo urudi kwenye Rebuild Database. Mwanaidi usimfuate Salma, menyu zenu hazifanani.

Mwanaidi: Nimeurudisha waya. Nawasha?

Hamisi: Bonyeza kitufe ukishikilie. Utasikia mlio mmoja papo hapo, usiachie. Baada ya sekunde kama 7 utalia wa pili, hapo ndipo uachie. Ukiachia kwenye ule wa kwanza itawaka kawaida na utaganda nayo tena.

Mwanaidi: Imeandika niunganishe pedi kwa waya. Nimeunganisha, nabonyeza kitufe cha PS, kimya.

Mjomba Faraji: Pedi imeharibika hiyo.

Hamisi: Huenda ni waya, mjomba. Kuna nyaya za kuchajia tu, hazipitishi data, na kwenye Safe Mode pedi haifanyi kazi bila waya. Jaribu ule unaohamishia picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta.

Mwanaidi: Umekubali! Naona namba 1 mpaka 7.

Hamisi: Shuka mpaka 5, soma maneno mara mbili kabla ya kubonyeza, maana 6 iko chini yake tu. Diski ni kama stoo, na hifadhidata ni daftari la stoo. Umeme ulipokatika daftari liliharibika, bidhaa zikabaki. Sasa mashine inapita rafu kwa rafu kuandika daftari jipya. Diski ikijaa inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo msiizime hata mkiona mstari hausogei.

Bibi Zuhura: Abdi aje ale kwangu wakati inajiandika.

Mwanaidi: Ahsante mama, anakuja.

Mwanaidi: Imewaka!! Magemu yote yapo, mpangilio tu umebadilika.

Hamisi: Alhamdulillahi. Usiku huu huu chomeka flashi, nenda Settings, kisha Application Saved Data Management, nakili anavyovisevu. Hatujui diski ina hali gani.

Mjomba Faraji: Na mnunue stabilaiza, umeme ukikatika isiharibike tena.

Hamisi: Stabilaiza inasaidia umeme ukipanda na kushuka. Ukikatika kabisa, nayo inazimika. Hapo inatakiwa UPS, walau apate dakika chache za kuizima vizuri.

*Siku iliyofuata*

Mwanaidi: Hamisi, imeganda tena. Ni kwenye gemu la mpira tu, mengine anacheza vizuri.

Hamisi: Kama ni moja tu, lifute hilo gemu uliweke upya. Faili zake huenda zilikatika katikati, na Rebuild Database hairekebishi faili la gemu lililoharibika. Ila yakianza kuganda na mengine, sogeza sikio: ukisikia inagonga tik tik, au ikileta kosa la CE-34335-0, naishuku diski.

Mwanaidi: Hiyo tik tik Abdi anasema aliisikia juzi. Mimi sijaisikia.

Hamisi: Kwenye flashi ulinakili anavyovisevu?

Mwanaidi: Ndiyo, jana.

Hamisi: Basi liweke gemu upya, nitapita Jumapili niisikilize mwenyewe.