Karatasi ya kizamani kwa kadi ya harusi ya Lamu: chai na skana, GIMP tupu, au picha ya kupakua?

nakshi_za_mlango

Assalaam aleikum wadau. Nina kazi ya kadi za harusi itakayofanyika Lamu. Familia wanataka kadi ifanane na hati ya zamani: karatasi iliyopiga kahawia, kingo zimechanika, maandishi kama ya kalamu ya mwanzi. Ukubwa ni A5. Nakala 180 zitachapwa Mombasa kwa mashine ya leza kwenye kadi ya krimu ya gramu 250, na nyingine ya kutumwa kwa WhatsApp.

Naziona njia tatu. Ya kwanza ni kupaka karatasi halisi chai, kuichana, kisha kuiskani. Ya pili ni kuitengeneza yote ndani ya GIMP. Ya tatu ni kupakua picha ya karatasi kuukuu mtandaoni na kuweka maandishi juu yake. Hii ya tatu ni ya haraka, lakini zile picha nimeshaziona kwenye kadi nyingi, hata doa la kona ya kulia nalijua. Mnaofanya kazi hizi, mngeanza na ipi?

kijana_wa_leya

Mkuu usijisumbue na chai. Fungua GIMP, pakia picha yoyote ya karatasi, nenda `Colors > Desaturate > Sepia`, kisha `Filters > Decor > Old Photo`. Inakupa rangi, ukungu wa pembeni na madoadoa kwa pamoja. Dakika kumi umemaliza.

mtunza_nyaraka

Wa aleikum salaam ndugu. Nimeshughulika na makaratasi ya zamani kwa miaka mingi, kwa hiyo niseme kwanza jinsi karatasi inavyozeeka, maana ukilijua hilo utaona kwa nini nyingi zinazotengenezwa haziaminiki.

Karatasi haibadiliki rangi sawasawa. Hewa na mwanga huingia kwa pembeni, kwa hiyo kingo hutangulia kuwa nyeusi na katikati hubaki ya manjano hafifu. Mikunjo nayo hukolea, kwa sababu pale imeshikwashikwa na vumbi limekaa. Karatasi ya magazeti, inayotengenezwa kwa mti uliosagwa, huwa kahawia upesi. Ya pamba hukaa nyeupe muda mrefu sana. Hati ya kifahari ya zamani mara nyingi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, na ile kahawia ya kuungua ni ya ramani za maharamia kwenye sinema.

Ndiyo maana sipendi Sepia juu ya karatasi nzima, kijana_wa_leya. Inachukua kila rangi na kuigeuza kahawia ya aina moja, kuanzia katikati hadi ukingoni. Karatasi ya kweli ina manjano katikati na wekundu kidogo pembeni. Sepia iacheni kwa picha ya babu na bibi, kama familia wataweka picha. Hapo ndipo inapofaa.

kijana_wa_leya

Sawa mzee, hilo la rangi mbili nimelielewa. Lakini kwa kadi ya A5 nani ataona?

mtunza_nyaraka

Mtu akiishika mkononi ataona. Ile ya WhatsApp, pengine hapana.

bi_mkubwa_wa_tanga

Hamjambo wanangu. Mimi nina cheti cha marehemu baba yangu, kimekuwa cha njano na kimechanika upande mmoja. Nikikifanyia hivyo vya chai kitarudi vizuri?

mtunza_nyaraka

Hatujambo mama, shikamoo. La, usikitie chai wala maji ya aina yoyote. Sisi hapa tunazungumzia kuifanya karatasi mpya ionekane kuukuu. Chako ni kuukuu kweli, na kikilowa wino unaweza kutoka. Kipige picha vizuri mchana kwenye kivuli, ukihifadhi kati ya karatasi mbili safi, usikibandike selotepu, maana gundi yake huacha doa lisilotoka. Picha hiyo ndiyo mtu wa kompyuta ataisafisha.

bi_mkubwa_wa_tanga

Marahaba mwanangu. Nimekwisha kuelewa, nashukuru.

mama_wa_kadi

Nakshi, mimi ni mtu wa njia ya kwanza, na nitakueleza ninavyofanya kwa sababu utaratibu ndio unaoamua.

Tumia karatasi isiyo na mng'ao. Bondi nzito ya gramu 100 au 120 inatosha. Ile inayong'aa chai inateleza juu yake. Vijiko vinne vya chakula vya majani ya chai kwenye nusu lita ya maji ya moto, acha ipoe kabisa, kisha uchuje vizuri, kwa sababu kila jani litakalobaki litakupa doa jeusi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea: chana kwanza, ndipo uloweke. Pale karatasi inapochanika nyuzi zinabaki wazi, zinanyonya chai kuliko uso uliobaki. Ikikauka, ukingo unakuwa mweusi kuliko katikati, kama mchaniko wa zamani ulioshika vumbi. Ukiloweka kwanza ukachana baadaye, unapata mstari mweupe pembeni, na jicho linaujua mara moja kuwa umechanwa leo.

Kuchana nako usivute kavu. Chora njia kwa brashi na maji, subiri maji yaingie, kisha vuta polepole huku ukiyumba kidogo. Nyuzi zinatoka kama manyoya. Baada ya hapo laza karatasi kwenye sinia, mimina chai, iache dakika tano, itoe na uikaushe ikiwa imelala juu ya kitambaa. Ukiitundika, chai itashuka yote chini na upande mmoja tu utakolea. Ukitaka duara la kikombe, acha kidimbwi kidogo kikauke chenyewe: rangi itakimbilia pembeni ya kidimbwi na kuacha pete.

Tengeneza karatasi nne au tano tofauti. Kadi zikiwekwa pamoja mezani, zote zikawa na doa moja mahali pamoja, siri imetoka.

nakshi_za_mlango

Mama wa kadi, hili la kuchana kwanza sikuwahi kulisikia. Na kuskani je? Nikiskani nyumbani karatasi inatoka bapa, kama picha ya rangi tu, ule ukwaruzo wake unapotea.

mama_wa_kadi

Kwenye skana vivuli vya mikunjo vinapungua. Ukitaka ukwaruzo uonekane, weka karatasi mezani karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni, kisha piga picha kutoka juu kabisa. Mimi nachukua vyote viwili. Skana inanipa rangi, picha ya dirishani naiweka juu yake kwa hali ya `Soft light`, nikipunguza nguvu hadi inapopendeza. Chini ya karatasi weka kitu cheusi kisichong'aa, ili kukata ukingo kuwe rahisi. Na zima marekebisho ya rangi ya skana, la sivyo itajitahidi kuirudisha karatasi yako iwe nyeupe.

mchapaji_wa_leza

Naingilia upande wa mashine, maana uzuri wote huo unaweza kufia kwetu.

Kwanza, vipimo. A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza tatu kila upande za kukatia, unapata 154 kwa 216, na kwa dpi 300 hiyo ni piseli 1819 kwa 2551. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa dpi 300 inatosha kabisa. Ukikata kipande kidogo ukikuze, skani kwa 600. Na faili la kuchapa usiniletee kama picha ya WhatsApp. Inabanwa, ukungu laini wa katikati unageuka vijiraba. Tuma kama dokumenti au weka kwenye flashi.

Pili, kadi unayotumia ni ya krimu. Ukichapa karatasi ya kahawia juu ya krimu, rangi zinajumlika na maandishi yanazama. Nakushauri krimu iachwe iwe katikati ya karatasi yako, uchape kingo, mikunjo na madoa tu. Lakini leza haishiki rangi nyepesi sana. Mahali ambapo kahawia inafifia kuelekea sifuri, mwisho wake unaonekana kama mstari. Weka chembechembe kidogo, `Filters > Noise > RGB Noise`, zivunje ule mstari. Mtu hazioni, ila mashine inazihitaji.

Tatu, maandishi yasiwe ndani ya picha. Yaandike Inkscape, yawe meusi matupu ya wino mmoja. Kahawia ya maandishi huchanganywa kwa rangi kadhaa, na zisipokaa sawasawa herufi nyembamba huota kivuli. Kwa Kiarabu ni mbaya zaidi, nukta zinavimba.

kijana_wa_leya

Mkuu, mbona kwenye GIMP naweza kufanya ukingo bila chai? Chora kwa `Free Select`, kisha `Select > Distort`, halafu tia maski kwenye leya. Weka nakala ya karatasi chini yake iliyotanuliwa piseli nane, iwe nyeusi zaidi. Inatoa ule ukingo uliokolea aliousema mama wa kadi.

mama_wa_kadi

Hiyo kweli inakubalika, na kwa kadi ya WhatsApp ningeifanya hivyo hivyo. Hifadhi kama PNG, JPG haibebi sehemu tupu, itakujazia nyeupe nyuma ya mchaniko. Tatizo ni kwamba `Distort` inatafuna ukingo wote kwa kipimo kimoja. Karatasi ya kweli hunyooka hapa, huruka pale, na kona moja mara nyingi imelika kuliko zote. Baada ya `Distort` pitia maski kwa mkono.

mwalimu_wa_jubilei

Sisi shuleni tulifanya vyeti vya kumbukumbu kwa walimu waliostaafu. Mchoraji aliweka ukingo uliochanika na kivuli chini yake, juu ya karatasi nyeupe. Tulipoviweka kwenye fremu za kioo vikaonekana kama picha ya cheti, cheti chenyewe hakipo. Walimu walivipokea kwa heshima, lakini mimi kiliniuma. Kwa cheti ningeacha ukingo unyooke, nikaweka uzee kwenye rangi tu.

mchapaji_wa_leza

Nakubaliana na mwalimu. Ukingo wa kuchapwa kwenye kadi iliyokatwa mraba hauendi. Ama uchane kadi zenyewe kwa rula ya chuma baada ya kuchapa, ama uache kingo zinyooke. Ila gramu 250 ni ngumu kuchana vizuri, inapasuka matabaka.

mama_wa_kadi

Mimi sikubali hapo. Chora njia kwa maji kama nilivyosema, mbele na nyuma ya kadi, gramu 250 inachanika. Ukingo wa chini tu, usizungushe kote.

mchapaji_wa_leza

Maji juu ya kadi iliyochapwa yataikunja, mama. Kadi 180 zilizojikunja nani atazitia bahasha?

bi_mkubwa_wa_tanga

Na mimi nina neno moja. Kadi za harusi huandikwa Bismillahi juu, kisha baada ya sherehe unazikuta jaani. Iwekeni kwenye bahasha ya ndani, au muiache.

nakshi_za_mlango

Nimekusikia mama, hilo nitawapelekea wenye harusi waamue wao.

Nimeamua hivi: karatasi nne za chai, zichanwe kwanza, skana pamoja na picha ya dirishani. Kadi za kuchapwa zitabaki na kingo zilizonyooka, krimu yenyewe iwe katikati, kahawia pembeni tu. Ya WhatsApp ndiyo itakuwa na mchaniko, PNG juu ya rangi ya mbao iliyokoza. Kuhusu kuchana gramu 250 kwa maji, nitaomba kiwandani vipande vilivyobaki kwenye kukata, nijaribu kimoja kilichochapwa na kimoja kitupu, nivilaze chini ya vitabu usiku kucha. Nitaleta picha hapa.

mama_wa_kadi

Jaribu na cha gramu 200 pia.